Omba konje kabla patro hajaagiza mizigo

Nimekuwa mtunza depo katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi kwa miaka kadhaa. Tunauza mabati, simenti, vyuma, misumari na rangi. Ombi langu la kwanza la konje, yaani likizo ya mwaka, lilikataliwa Agosti 2022, nami niliumia sana, kwa sababu niliamini nimechagua wakati mzuri. Ninaandika haya kwa wenzangu wa madepo na maduka, maana kosa nililofanya naliona kila mwaka kwa wengine.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Mvua zetu huanza kati ya Oktoba na Novemba. Mtu aliyejenga kuta wakati wa kiangazi anataka bati juu kabla maji hayajamkuta, kwa hiyo msukosuko wa mabati kwetu unaanza mwisho wa Septemba na kujaa mwezi wa kumi. Katikati ya Agosti wateja si wengi, na fedha za wazazi wengi zinasubiri shule kufunguliwa Septemba. Nikasema moyoni, huu ndio wakati: duka limelala, nitaenda na kurudi kabla ya vita. Nikampelekea patro, mwenye duka, barua siku ya Jumamosi jioni, akiwa anafunga keshi. Aliisoma haraka akanirudishia. «Papa, Agosti hii? Nani atanipokelea magari?»

Sikumwelewa. Nilielewa wiki mbili baadaye, malori matatu ya mabati na simenti yalipovuka Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, karibu kwa pamoja, baada ya kukaa kwenye foleni ya mpaka siku ambazo hakuna aliyeweza kuzihesabu mapema. Kumbe mabati ya Oktoba huingia Agosti na mwanzo wa Septemba. Muuzaji wa mbele ana msimu wake, na mtunza depo ana wake, unaotangulia ule wa muuzaji kwa wiki tano au sita. Mimi nilikuwa nimetazama mlango wa wateja, wakati kazi yangu inaingia kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo kabla ya kutaja tarehe yoyote, tafuta msimu wa kazi yako wewe. Usiukisie, uhesabu. Mwaka uliofuata nilichukua daftari la depo na karatasi za kupokea mali za miezi kumi na miwili, nikahesabu kwa kila wiki ni magari mangapi yalishushwa, kisha pembeni nikaandika karatasi za kutoa mali. Ilinichukua jioni mbili. Picha iliyotoka ilinishangaza: mistari miwili haikupanda pamoja hata kidogo. Agosti mapokezi yalikuwa juu na mauzo chini, Oktoba kinyume chake. Desemba wateja walirudi kwa rangi, kwa sababu watu wanapaka nyumba kabla ya Noeli. Wiki pekee ambazo mistari yote miwili ilikuwa chini zilianzia katikati ya Februari hadi mwanzo wa Machi. Mvua bado inanyesha, hakuna anayechimba msingi, na familia zimetoka kwenye gharama za sikukuu.

Mwenzangu wa hesabu alipoona karatasi yangu alitaka kufanya ya kwake, na yake haikufanana na yangu. Yeye hubanwa kila mwezi kabla ya tarehe 15, siku ya mwisho ya kutangaza kodi ya TVA, na hubanwa zaidi kuelekea 30 Aprili, tangazo la kodi ya faida linapotakiwa. Duka ni moja, patro ni mmoja, lakini wiki nzuri kwangu zinaweza kuwa wiki mbaya kwake.

Sheria inasaidia kujua unaomba nini hasa. Kwa sheria ya kazi ya Kongo ya 2002, mtu mzima anapata angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi kamili aliofanya, yaani 12 kwa mwaka, na siku moja inaongezeka kwa kila miaka mitano ya utumishi. Tarehe hupangwa kwa makubaliano ya pande mbili. Sisi tunafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, basi siku 12 ni wiki mbili kamili.

Hapo kuna jaribu moja ambalo lazima nilitaje. Tarehe 16 na 17 Januari ni sikukuu za taifa, na sikukuu haihesabiwi ndani ya siku za konje. Ukiomba Januari, unapata siku mbili za bure. Karibu kila mtu wa depo anaijua hesabu hii, na ndiyo sababu patro anaichukia. Januari ni mwezi wa inventere: tunahesabu kila bunda la mabati, kila mfuko na kila kopo la rangi, na mtu wa hesabu anasubiri karatasi zetu za Desemba kabla ya tarehe 15. Anayeomba wiki hiyo anamwonyesha patro kwamba amehesabu siku zake vizuri na kazi vibaya. Mimi niliziacha siku hizo mbili, na sikujuta.

Nilikuwa na sababu ya kweli ya kutaka wiki mbili. Mama yangu, anayekaa Likasi, alikuwa na mtoto wa jicho, na daktari alisema operesheni si ya haraka, tuchague tarehe. Baada ya operesheni ya namna hiyo mtu anawekewa matone mara kadhaa kwa siku kwa wiki nyingi, na Mama hakuweza kujiwekea mwenyewe katika siku za mwanzo. Jambo linaloweza kusubiri, lipange kwa msimu wa kazi. Msiba hausubiri, na sheria imeuwekea siku zake nje ya konje ya mwaka, kwa hiyo usihifadhi siku za konje kwa kuogopa msiba, na usiunganishe maombi hayo mawili.

Sasa, lini ya kuomba. Wengi hudhani ni kuomba mapema tu, miezi mitatu au minne. Nilichogundua ni kwamba kuna siku moja inayotawala yote: siku patro anapoagiza mizigo. Mzigo wa Februari na Machi anauagiza mwezi wa kumi na mbili, kabla ya wauzaji wa ng'ambo ya mpaka kufunga kwa sikukuu. Akishaagiza, gari liko njiani na hata akikupenda hawezi kulisimamisha. Kabla hajaagiza, anaweza kusema tu, «Lile la simenti lipakiwe wiki inayofuata.» Ombi lilelile, kabla ya oda halimgharimu kitu, baada ya oda linamgharimu gari. Niliomba siku ya Jumanne, 28 Novemba 2023, mchana, msukosuko wa mabati ulipokuwa umeshuka na keshi imetulia. Kama unaona patro yuko kwenye simu na wakala wa Kasumbalesa, au wateja wanaacha fedha za mbele kwa mali ambayo haijafika, rudi siku nyingine.

Sikuanza na Mama. Nilianza na daftari. Nilimwekea mezani ile karatasi ya mistari miwili nikasema, «Patro, nimehesabu mapokezi yetu ya mwaka mzima. Naona wiki hizi mbili ndizo depo inapumua. Ningependa konje yangu iwe kuanzia Jumatatu 19 Februari hadi Jumamosi 2 Machi, nirudi kazini tarehe 4. Karatasi za TVA zitakuwa zimeshatoka tarehe 15. Nimekuja sasa kwa sababu hujaagiza bado.» Alikaa kimya akiangalia mistari. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimelingoja: nani atashika funguo?

Hapa ndipo wengi huangukia. Wanajibu, «Fulani atanisaidia,» na patro anajua kwamba fulani huyo hajawahi kupokea gari peke yake. Gari moja la tani 30 ni mifuko 600 ya simenti ya kilo 50. Ukikosea kuhesabu kumi, au ukitia sahihi kabla ya kuona mifuko iliyopasuka, dereva ameondoka na hasara ni ya duka. Kwa hiyo nilimjibu kwamba kijana anayenisaidia kupanga mali atapokea magari mawili mbele yangu, moja Desemba na moja Januari, yeye akihesabu na kuandika, mimi nikisimama nyuma bila kusema. Akikosea mara zote mbili, mimi mwenyewe nitaomba tarehe isogezwe hadi katikati ya Machi. Nadhani ni sentensi hii ya mwisho iliyomfanya akubali. Ilimwachia mlango wa kutokea, na ilimwonyesha kwamba nimefikiria depo ikiwa mbaya, si depo ikiwa nzuri tu.

Alitia sahihi siku ileile. Mwombe kila mara aandike, hata kwa mstari mmoja chini ya barua yako. Si kwa kutomwamini. Mwezi wa pili uko mbali, na mtu aliyeagiza mizigo ishirini tangu siku ile anasahau kwa moyo safi.

Kijana alikosea mara ya kwanza, mifuko minne. Mara ya pili hesabu yake na yangu zililingana. Wiki ya mwisho nilimwandikia karatasi moja tu: mali inayotarajiwa, nani ana funguo ya pili, namba ya wakala wa mpaka, na saa ambayo angeweza kunipigia, jioni baada ya matone ya Mama. Nikaenda Likasi.

Gari la simenti lililokuwa lipakiwe wiki inayofuata lilivuka mapema, likafika Jumatano 28 Februari. Safari ile foleni ya Kasumbalesa ilikuwa fupi. Kijana alilipokea. Alikuta mifuko saba imepasuka, akaiandika na dereva akatia sahihi, kisha akanipigia jioni kunieleza, nami nilimshukuru kwa moyo wote.

Niliporudi tarehe 4 nilikuta kosa, na lilikuwa langu. Simenti mpya ilipangwa mbele ya ya zamani. Wakati wa mvua simenti inavuta unyevu, na mfuko ukikaa miezi mitatu unaweza kuganda mabonge, ndiyo maana ya zamani lazima itoke kwanza. Sikuwa nimeandika hilo kwenye karatasi, kwa sababu mikono yangu inalifanya bila kuniuliza. Jumatatu ile nzima tulihamisha mifuko na kijana, na ile ya nyuma tuliipeleka mbele ya mlango iuzwe wiki hiyohiyo. Siku hizi ukutani mwa depo kuna mshale wa chaki unaoonyesha upande simenti inakoingilia na upande inakotokea, na agizo la kutoa ya zamani kwanza liko juu kabisa kwenye karatasi ninayoacha nikienda konje.