Sauti kwanza, picha baadaye

"Nina saa sita za video ya harusi, nataka dakika tano. Nianzie wapi bila kupoteza yale yanayogusa moyo?"

Anzia kwenye sauti. Sikiliza viapo na hotuba zote, chagua sentensi tano au sita zinazoeleweka zikiwa peke yake, zipange mpaka zisimulie kitu hata ukifumba macho. Ndipo uweke picha juu yake. Kazi hii naifanya kila wikendi, na ukianzia kwenye picha utabaki na shoti nzuri zisizosema lolote.

Kuna aliyekujibu kabla yangu kwamba ukate picha kwa mdundo wa muziki; yuko sawa nusu. Kwenye dansi, ndiyo. Kwenye hotuba, mdundo utakukatia uso mapema: baba akishasema "nenda mwanangu", acha klipu iende sekunde mbili tatu zaidi, maana machozi ya bibi harusi huja baada ya neno. Wageni kuingia, kula, droni juu ya ukumbi: shoti moja moja inatosha.

Ila kama hotuba zilirekodiwa kwa maiki ya kamera tu, toka mbali, huenda hazitasikika vizuri. Hapo muziki ndio utakaobeba.