Kiganja wazi kwa Wagiriki

> "Nafanya kazi Athene. Bosi aliuliza kwenye grupu tupo wangapi, nikajibu 🖐 tu. Mbona kanuna?"

Ndugu, hapo umemtukana bila kujua. Kiganja wazi chenye vidole vilivyotanuliwa, kikimwelekea mtu, kwa Wagiriki ni tusi la zamani linaloitwa muntza. Inasimuliwa kuwa enzi za Bizanti wahalifu walitembezwa barabarani huku watu wakiwapaka masizi usoni kwa kiganja. Leo utaliona zaidi kwa madereva waliochomekewa, na wakitumia mikono yote miwili hasira imezidi. Kwa hiyo kamwe usiandike 🖐🖐 ukimaanisha kumi!

Kilichokuponza ni kwamba uliituma peke yake. Ungeandika "tupo 5 🖐", tarakimu ingemwonyesha ulikuwa unahesabu. Bila neno lolote, alichokiona ni kiganja kilichotanuliwa mbele ya uso wake, tena mbele ya wafanyakazi wote. Nadhani hilo la mwisho ndilo lililomuuma zaidi.

Mwandikie faraghani kwamba ulimaanisha watu watano. Wagiriki wengi wanajua wageni huteleza hapo, hasa vijana, ila mtu mzima anaweza kushtuka kwanza. Siku nyingine andika 5. Mkionana ana kwa ana, onyesha tano huku kiganja kikikuelekea wewe mwenyewe, kama wengi wao wanavyofanya. Kwenye simu ipo 🤚, inayoonyesha mgongo wa mkono, lakini kwenye kioo kidogo ni rahisi kuichanganya na ✋, kwa hiyo mimi nisingeitegemea.