Kaplan-Meier ilivyoniingiza mkenge kwenye data za nyonga bandia

Data nilizopewa zilikuwa za wazee waliowekewa nyonga bandia, na swali lenyewe jepesi tu: asilimia ngapi watarudi kupasuliwa tena ndani ya miaka 3? Mi haraka haraka nikakimbilia Kaplan-Meier, ile njia ya kukadiria sehemu ya watu ambao bado hawajapatwa na tukio kadiri muda unavyoenda; aliyepasuliwa tena nikampa 1, wengine wote 0, hadi waliofariki. Hapo ndo nilipochemka.

Ile 0 ni ya mtu tuliyempoteza njiani, labda kahama au utafiti umeisha, hatujui yaliyompata ila bado anaweza kupasuliwa huko aliko. Kaplan-Meier inachukulia ataendelea kama wale waliobaki, kwa hiyo uzito wake inawagawia wao. Sasa marehemu harudi kupasuliwa hata umsubiri vipi. Kifo kimeshaifunga ile njia, ndo maana tunakiita hatari shindani.

Tufanye hesabu ndogo, namba nimezitunga ili uone vizuri. Watu 100, hakuna hata mmoja aliyepotea:

Mwaka wa 1, 10 wanapasuliwa tena, 40 wanafariki, wanabaki 50.
Mwaka wa 2, 10 tena, 20 wanafariki, wanabaki 20.
Mwaka wa 3, 5 tena, 10 wanafariki, wanabaki 5.

Waliopasuliwa ni 25 kati ya 100, yaani 25%, mtoto wa darasa la nne anakujibu. Ila ukiwapa marehemu 0, Kaplan-Meier inazidisha sehemu ya wasiopasuliwa kila mwaka, 0.90 × 0.80 × 0.75 = 0.54, ukiitoa kwenye 1 inakwambia 46%! Karibu mara mbili, na daktari akiiamini hiyo atawatisha wagonjwa bure.

Mtego wa kuligundua tatizo: geuza, kifo kiwe 1 na kupasuliwa kuwe 0. Unapata 0.60 × 0.60 × 0.50 = 0.18, yaani 82% wamefariki. Jumlisha 46 na 82, ni 128%. Watu 100 wamepataje kuwa 128?

Njia sahihi ni ya Aalen-Johansen. Kila mwaka unachukua hatari ya kupasuliwa, unazidisha na sehemu ya watu ambao bado hawajapatwa na tukio LOLOTE, halafu unajumlisha: 1 × 0.10 + 0.50 × 0.20 + 0.20 × 0.25 = 0.25. Kwenye R, ukishaita library(survival), ni mstari mmoja (0 kapotea, 1 kapasuliwa, 2 kafariki):

```r
survfit(Surv(muda, factor(tukio, 0:2)) ~ 1, data = d)
```

Kama vifo ni vichache sana, majibu ya njia zote mbili yatakaribiana, usipoteze usiku kwa hilo. Na modeli ya Cox yenye marehemu kama 0 si kosa ukiwa unatafuta kinachochochea kupasuliwa kwa walio hai, kosa linaanza ukiigeuza kuwa asilimia ya watakaopasuliwa bila kuhesabu vifo.