Koli, puti na ile Ijumaa ya kuekspaya: maswali yenu ya opsheni

Kaka, koli na puti ni nini hasa? Nimesoma mara tatu bado giza. (Mwanza)

Chukulia umeona kiwanja, mwenyewe anataka milioni 10, wewe hela huna sasa hivi ila umenusa kwamba lami inakuja pale. Unampa laki mbili, anakuandikia kwamba ndani ya miezi mitatu ukirudi na milioni 10 kiwanja ni chako, hata kama bei ya mtaa imeshafika 15. Usiporudi, laki mbili imeliwa, kiwanja kinabaki chake na hamdaiani. Hiyo ndo koli, aina ya kwanza ya opsheni, ila sokoni badala ya kiwanja ni hisa za kampuni. Laki mbili ni premiamu, milioni 10 ni bei ya straiki, na mwisho wa ile miezi mitatu ndo siku ya kuekspaya. Ila usichanganye na kile kishika uchumba tunachotoaga kwenye viwanja, kile kinahesabiwa kwenye bei, premiamu haihesabiwi bana, ukirudi unalipa 10 kamili kwahiyo kiwanja kimekugharimu milioni 10 na laki mbili.

Puti, aina ya pili, ni hiyohiyo ukiigeuza. Unalipa premiamu ili uwe na haki ya kuuza kwa bei ya straiki hata soko likianguka vipi. Na kwenye zote mbili aliyenunua ana haki, aliyeuza ana wajibu, mnunuzi akiamua kutumia haki yake muuzaji hana pa kukimbilia.

Kitu ambacho kikaratasi cha kiwanja hakina ni kwamba opsheni unaweza kuiuza sokoni siku yoyote kabla haijaekspaya, na wengi ndo wanachofanya, hisa zenyewe hawazigusi kabisa. Na kama puti inakusumbua zaidi ya koli usijione mjinga, hata soko la opsheni la Chicago lilipofunguliwa Aprili 1973 lilianza na koli tu za kampuni 16, puti zikasubiri mpaka 1977.

Nilinunua koli, hisa IKAPANDA, na bado nimepoteza hela. Broka ananiibia? (Dallas)

Dada hujaibiwa, ila nimependa umetuma namba zote maana kwa opsheni bila namba tunapiga porojo tu. Hisa ilikuwa dola 50. Ukachukua koli ya straiki 52, imebaki siku 30, premiamu 1.60. Mkataba mmoja kwa Marekani ni hisa 100 kwahiyo ulitoa dola 160. Siku mbili baadae kampuni ikatangaza matokeo ya robo mwaka, hisa ikaruka mpaka 51.20, na koli yako ikashuka mpaka 1.10, yaani dola 50 zimeyeyuka na hisa imepanda.

Anza na hili, ile 1.60 ulikuwa unalipia nini? Siku unanunua, haki ya kununua kwa 52 kitu kinachouzwa 50 haina thamani yoyote, nani atanunua ghali wakati dukani ni rahisi. Kwahiyo yote 1.60 ilikuwa bei ya matumaini, ulilipia nafasi kwamba ndani ya siku 30 hisa itavuka 52 na kwenda mbali. Matumaini yana bei kubwa pale watu wote wanaposubiri kishindo, na kabla ya matokeo kutangazwa kila mtu anajua hisa itatikisika ila hajui upande gani, basi wauzaji wanapandisha premiamu. Matokeo yakishatoka kishindo kimepita, hakuna cha kusubiri tena, premiamu inanyauka asubuhi yake. Ulipatia upande ila soko lilikuwa limeshapanga mruko mkubwa kuliko ule uliotokea, na mruko huo mkubwa ndo ulioulipia wewe.

Pale kwenye skrini karibu na premiamu kuna sehemu imeandikwa `IV`. Hiyo ndo kipimo cha mtikisiko ambao soko linautegemea kwa mwaka, kwa asilimia. Kwa namba zako ilikuwa kwenye 41 hivi siku unanunua, na ilipofika 1.10 imerudi kama 25. Siku nyingine ukiona `IV` imevimba angalia kwanza tarehe ya matokeo ya kampuni, utakuta imekaa palepale mlangoni.

Sasa tuseme hukuiuza, umeing'ang'ania mpaka siku ya kuekspaya. Siku hiyo matumaini yameisha, kinachobaki ni hesabu ya darasa la nne, bei ya hisa toa straiki. Hisa ikifunga 53, koli ina thamani ya dola 1, mara 100 ni dola 100, ulitoa 160, umepoteza 60 japo hisa imepanda dola tatu nzima. Ikifunga 53.60 umerudisha hela yako. Ikifunga 56 unapata 400, ukitoa 160 faida ni 240. Ikifunga 52 au chini yake, sifuri, zote 160 zimekwenda. Kwahiyo mstari wako wa kwanza kupata faida sio 52, ni straiki ukijumlisha premiamu, na lazima uvukwe kabla ya tarehe, hisa ikifika 60 wiki moja baadae wewe utaangalia tu kama sisi wengine.

Mimi mwenyewe koli zangu mbili za kwanza zilikufa hivyo, nilikuwa nachagua zile za wiki moja kwa sababu ni bei poa, kumbe bei poa ni kwa sababu muda hakuna. Muda hauliwi sawasawa kila siku pia, mwanzoni unaliwa polepole, zile wiki mbili tatu za mwisho unaliwa mbiombio kama barafu juani.

Nina hisa 100 za kampuni ninayofanyia kazi, naogopa zisishuke kabla sijalipa ada ya mtoto. Puti inanifaa? (Minneapolis)

Hapa kaka ndo puti inapofanya kazi yake ya heshima. Tuseme hisa iko 50 na ada ni miezi mitatu mbele. Unanunua puti moja ya straiki 47, kwa hisa ya kawaida premiamu inaweza kuwa kama 1.45, yaani dola 145. Ifikirie kama bima ya gari, ile tofauti ya 50 na 47 ni sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe, kuanzia 47 kushuka chini anaibeba aliyekuuzia.

Hisa ikianguka mpaka 38, bila puti umepoteza 1,200. Ukiwa na puti unauza kwa 47, hasara ni 300 pamoja na premiamu 145, jumla 445, na haizidi hapo hata hisa ikifika sifuri. Hisa isiposhuka, 145 imekwenda kama bima ya gari ambalo halikugongwa. Ukitaka straiki 50 kamili inakuwepo ila premiamu inapanda sana, ukitaka ya 42 ni rahisi ila utakuwa umeumia dola 8 kila hisa kabla bima haijaanza. Tarehe ya kuekspaya iweke BAADA ya siku ya ada, usiiweke kabla eti upunguze dola 30.

Ila kabla hujabonyeza chochote kasome sera ya mwajiri wako kuhusu hisa, kampuni nyingi za Marekani zinakataza mfanyakazi kununua puti za kampuni yake mwenyewe. Ukikuta wamekataza, njia rahisi ni kuuza zile hisa za kutosha ada na kuachana na stori za puti.

Ijumaa koli yangu ilikuwa na faida kidogo nikaiacha, Jumatatu nakuta akaunti inadaiwa dola 5,200! (Houston)

Pole sana mdogo wangu. Straiki yako ilikuwa 52 na hisa ikafunga 52.30. Marekani kuna taasisi moja inayosimamia mikataba yote ya opsheni za hisa, OCC, na utaratibu wake ni kwamba opsheni ikiekspaya ikiwa na thamani kuanzia senti moja, inatekelezwa yenyewe isipokuwa umetoa maelekezo isitekelezwe. Kwahiyo "umenunua" hisa 100 kwa 52. Zile senti 30 zilikuwa dola 30 tu, ila zimekuletea mzigo wa 5,200, na kama Jumatatu hisa imefungua 49 unaanza na hasara ya 300 juu ya premiamu uliyokwishalipa.

Broka wengine wakiona huna hela wanakuuzia koli yako wenyewe Ijumaa mchana kwa bei yoyote iliyopo, wengine wanaacha iende. Usisubiri kujua wako ni wa aina gani. Kama hisa zenyewe huzitaki, iuze koli kwa kubonyeza `Sell to Close` mapema, usingoje saa ya mwisho ambapo wanunuzi wamekuwa wachache na bei wanayokupa ni ya kukudhalilisha. Opsheni za kila mwezi zinaekspaya Ijumaa ya tatu, ila hisa kubwa zina za kila wiki pia, kwahiyo soma tarehe yenyewe.

Si bora niwe muuzaji, nile premiamu za watu? (Kampala)

Unaweza, ila ukiuza koli kama ile ya dada wa Dallas na hisa zenyewe huna, umeahidi kuuza kwa 52 kitu ambacho utalazimika kukinunua kwa bei yoyote, hisa ikienda 90 unatoa 3,800 kwa kula 160. Kama hisa 100 tayari unazo hiyo ni habari nyingine, kibaya ni kwamba zinaondoka kwa 52 wewe ukizitazama zinapaa.

Kuna app natabiri juu au chini kwa sekunde 60, wanaiita opsheni. Ndo hii? (Nairobi)

Hapana. Hiyo ni bainari, ukipatia unalipwa asilimia waliyoipanga wao, ukikosa dau lote limekwenda. Hakuna hisa utakayopokea, na mara nyingi anayekulipa ni huyohuyo mwenye app, kwahiyo hasara yako ndo mshahara wake. Ulaya walizuia kuziuza kwa watu wa kawaida Julai 2018 na Uingereza ikapiga marufuku ya kudumu 2019. Kuitambua ni rahisi, jaribu kutafuta orodha ya straiki tofauti, kila moja na premiamu ya mnunuzi na ya muuzaji, na tarehe za miezi ya mbele, hutaipata. Na hapo Nairobi soko la hisa lilifungua kitengo cha NEXT Julai 2019 kikaanza na fyucha, sio opsheni, za kampuni kama Safaricom, na fyucha ni mkataba wa kununua au kuuza tarehe ya mbele kwa bei mliyokubaliana leo, haina premiamu na pande zote mbili zina wajibu, hasara inakatwa kwenye akaunti yako kila jioni.