Mashine ya miaka mitatu au ya miaka sita: usilinganishe faida ya jumla

Kwa ninyi mnaoanza kazi ya kupima maombi ya mikopo ya vifaa hapa Nakuru, swali hili litawafikia mapema: mteja ana mashine mbili mkononi, moja ya bei nafuu inayochakaa upesi, nyingine ghali inayodumu. Anataka moja tu. Ipi?

Tuchukue kikundi cha Njoro kinachotaka kufungua posho mili. Mashine ya kwanza inauzwa shilingi 300,000 na itasaga miaka 3. Ukitoa umeme, mshahara wa anayeiendesha na vipuri kama nyundo, chekecheke na beringi, inabakiza 180,000 kwa mwaka. Ya pili ni 600,000, itadumu miaka 6, na kwa kuwa haisumbui sana kwa matengenezo, inabakiza 190,000 kwa mwaka. Pesa za kikundi zina gharama ya asilimia 14 kwa mwaka. Hizi ni tarakimu za mfano, lakini hesabu yenyewe ndiyo mtakayoifanya kila wiki.

Shilingi moja inayoingia kila mwaka kwa miaka 3, kwa asilimia 14, leo ina thamani ya 2.3216. Kwa miaka 6 ni 3.8887. Kwa hiyo mashine ya kwanza inaleta takriban 417,900 kwa thamani ya leo, na ukitoa bei yake inabaki 117,900. Ya pili inaleta 738,850, inabaki 138,850. Wengi huishia hapo na kuandika kwamba ya pili ndiyo bora.

Hapo ndipo kosa lilipo. Ile 138,850 imechumwa kwa miaka 6, na 117,900 kwa miaka 3 tu. Mwaka wa nne ukifika, mwenye mashine ya kwanza hakai bure. Ananunua nyingine na kuendelea kusaga. Basi igeuze kila faida iwe fungu sawa la kila mwaka, kwa kuigawanya kwa kile kile kizidishi ulichotumia. Ya kwanza: 117,900 gawanya kwa 2.3216, ni kama 50,800 kwa mwaka. Ya pili: 138,850 gawanya kwa 3.8887, ni kama 35,700. Mashine ya bei nafuu imeshinda, tena kwa mbali. Kwenye Excel andika hivi:

```
=PMT(14%,3,-117900)
=PMT(14%,6,-138850)
```

Msigawanye kwa idadi ya miaka. Mkifanya hivyo mtapata 39,300 kwa ya kwanza, na tarakimu hiyo haina maana yoyote, kwa sababu inaichukulia shilingi ya mwaka wa tatu kuwa sawa na ya leo.

Sasa, kabla hamjatia sahihi, ipimeni ile miaka 3. Nasisitiza hili kuliko yote. Mashine hiyo ikifa baada ya miaka 2, kizidishi kinashuka hadi 1.6467, na fungu la mwaka linatoka 50,800 hadi hasara ya kama 2,200. Mwaka mmoja tu umekula kila kitu. Kwa hiyo umri msiuchukue kwenye mdomo wa muuzaji. Nendeni kwa wasagaji wenye mashine ya aina hiyo, muulize waliinunua lini, inasaga saa ngapi kwa siku msimu wa mavuno, na mota imeshasukwa upya mara ngapi. Fundi anayezitengeneza atawaambia kinachokufa kwanza.

Jambo la pili ni bei ya mashine itakayofuata. Hesabu yetu imechukulia kwamba baada ya miaka 3 ataipata tena kwa 300,000, na mapato yatabaki yale yale. Kama mapato hayatapanda lakini bei ikafika kama 387,000, mashine hizo mbili zinakuwa sawa. Ikizidi hapo, ya pili inashinda. Mashine ikiwa inatoka nje ya nchi, mfuateni mteja kwa swali hilo.

Kuna hali moja ambayo njia hii haifai kabisa: pale ambapo kazi haitarudiwa. Tuseme kibanda kimekodishwa kwa miaka 3 na mwenye ploti ameshasema atajenga. Hapo hakuna mashine ya kufuata, kwa hiyo zilinganisheni kwa miaka hiyo 3 tu, mkiongeza bei ambayo mashine iliyokwisha kutumika itauzwa mwishoni. Ili ifikie ile 117,900 ya mwenzake, mashine ya pili ingehitaji kuuzwa kwa kama 410,000 baada ya kusaga miaka 3. Waulizeni wanunuzi wa mashine kuukuu kama wangetoa pesa hizo, na jibu lao mliandike kwenye faili.