Kumwandikia mnunuzi aliyekwisha kutapeliwa

Wanunuzi wa sola hapa Uganda wamejifunza kuogopa maneno kama "bora", "imara", "orijino" na "garantii". Betri iliyowafia mikononi ilikuja na maneno hayo hayo, yamechapwa kwenye boksi kwa wino mwekundu. Ukiwaandikia barua pepe kwamba betri zako ni bora na imara, umejipanga mwenyewe kwenye foleni moja na yule aliyewauzia ile ya kwanza.

Mimi nauza sola Kampala, na wateja wangu wengi wako mbali: Arua, Koboko, wengine ng'ambo ya mpaka kule Aru na Bunia. Tunaandikiana Kiswahili. Kwa kawaida wanaamua kabla hawajaliona duka wala sura yangu, kwa hiyo barua ndiyo inayobeba kila kitu. Katika kuandika barua hizo nimeshika kanuni moja. Mtu mwenye shaka simpi habari ambayo ni lazima aniamini kwanza ndipo aikubali. Nampa kitu anachoweza kukipima mwenyewe, huko huko aliko, bila mimi.

Nitaeleza kwa mfano wa mkunga mmoja mwenye kliniki ndogo ya uzazi upande wa Arua. Aliandika mistari michache tu, tena kwa ukali: amenunua betri ya 200Ah na paneli ya wati 300, taa zake 10 za wati 9 zinawashwa saa 1 usiku na kufika saa 7 zimezimika, na kama mimi pia ni "wale wale" basi nisimpotezee muda. Muuzaji mwingine angemrudishia orodha ya bei pamoja na picha. Mimi nilimjibu hivi:

"Kichwa: Taa zinazozimika saa 7 usiku

Sista, habari za kazi.

Umesema taa 10 za wati 9 zinawashwa saa 1 usiku na kufika saa 7 zimezimika. Hiyo ni saa 6 kwa wati 90, yaani wati-saa 540. Betri iliyoandikwa 12V 200Ah hubeba wati-saa 2,400. Hata ukitumia nusu tu ili idumu, unabaki na 1,200. Yako haifikishi hata nusu ya hiyo nusu. Kwa hiyo ama si 200Ah, ama imechakaa, ama mchana haijai.

Kabla hujanunua chochote kwangu, naomba uangalie vitu viwili. Mwambie fundi aichomoe betri, muiweke kwenye mizani mnayopimia wagonjwa. Betri ya jeli ya 200Ah kwa kawaida ina kilo 55 hadi 62. Kisha mpime urefu wa paneli. Ya wati 300 haipungui mita moja na nusu. Ya wati 100 ni kama mita moja, na hiyo hata siku ya jua kali huingiza wati-saa 350 hivi, ambazo haziwezi kuijaza betri kubwa.

Ikiwa betri ina uzito wake na paneli ndiyo ndogo, huenda betri bado ni nzima na unahitaji paneli tu. Usinunue betri nyingine mpaka tujue."

Barua yenyewe ni hiyo. Haina picha wala bei, wala neno "sisi ni kampuni inayoongoza". Jina langu, mahali duka lilipo na namba ya simu vilikaa chini, vifupi.

Kichwa cha barua nilikitoa kwenye maneno yake mwenyewe. Mtu anayepokea matangazo kila siku hufuta "Ofa kabambe ya sola" bila kuifungua, lakini saa 7 usiku ni saa yake. Ndiyo saa anayotafuta tochi ya simu huku mama mmoja yuko kwenye kitanda cha kujifungulia. Aliyeandika "saa 7 usiku" ni wazi kwamba alisoma alichoandikiwa.

Hesabu niliiacha wazi ili aweze kuirudia kwenye simu yake: wati mara saa. Ningemwambia tu "betri yako ni mbovu", angekuwa na maneno ya wauzaji wawili yanayopingana, na kwa nini aamini ya pili? Hesabu haina upande. Tena sikusema betri ni bandia, maana sikuwa nimeiona. Nilitaja sababu tatu zinazowezekana, na moja kati yake haikuwa na faida yoyote kwangu.

Kilo ndizo zilizofanya kazi kubwa zaidi. Betri za aina hiyo hubeba nguvu ndani ya sahani za madini ya risasi, na risasi ni nzito. Anayetaka kubana gharama huweka sahani chache au nyembamba, halafu anabandika lebo ya 200Ah. Lebo huchapwa popote, lakini uzito hauchapwi. Na kliniki ya uzazi haikosi mizani. Ningemwandikia mwenye duka la nafaka ningemwambia atumie mizani ya magunia. Takwimu inapata nguvu pale kifaa cha kuihakiki kinapokuwa tayari chumbani kwa msomaji. Jambo hilo wauzaji wengi hawaliwazii: wanatuma kipimo cha maabara kwa mtu asiye na maabara.

Angalieni pia kwamba niliandika "55 hadi 62", sikuandika 58.4. Watengenezaji hutofautiana, na mnunuzi aliyeumizwa anajua hivyo. Namba iliyochongwa kuliko uhalisia inanuka. Ndiyo maana "ufanisi wa asilimia 98.7" au "wateja wetu 5,000 wameridhika" humtia mtu wasiwasi badala ya kumtuliza, maana hana pa kwenda kuvihesabu.

Alijibu kesho yake. Kilo 41, na paneli mita moja na vidole kadhaa. Alikuwa amepigwa mara mbili kwa mpigo, betri na paneli. Safari hii yeye ndiye aliyeuliza bei.

Barua ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu hapo pesa imeingia. Hesabu yake ilionyesha kwamba taa 10 hadi saa 1 asubuhi ni wati-saa 1,080, na kompyuta ndogo inaongeza 200. Jumla 1,280, na ukiweka kinachopotea kwenye invata na nyaya unakaribia 1,500. Betri moja ya jeli, kwa kutumia nusu yake, ni 1,200. Haitoshi, zinatakiwa mbili. Sasa muuzaji akimwambia mteja mwenye shaka "chukua mbili", shaka inarudi yote. Nilimwonyesha hesabu, kisha nikampa njia ya kubaki na moja: azime taa nne baada ya saa 4 usiku. Hapo taa sita zinazobaki zitakula wati-saa 54 kila saa, jumla inashuka hadi 956, na pamoja na upotevu inafika kama 1,100. Inaponea chupuchupu, na siku ya mawingu itamwangusha. Uchaguzi ukawa wake. Alichukua mbili, lakini hata angechukua moja angejua amenunua nini.

Halafu niliandika kile ambacho mtambo hautafanya. Invata ya wati 1,000 haitachemsha vifaa vya hospitali kwa mashine ya wati 1,500, wala haitabeba birika la umeme au pasi. Niliweka aya hiyo juu ya bei, si chini yake kwa maandishi madogo. Wenzangu huiogopa wakidhani inafukuza wateja. Kwa ninavyoona, wanaofukuzwa ni wale ambao wangechomeka birika wiki ya kwanza, wakaunguza invata, na kurudi kugombana.

Bei nayo iwe na mipaka. "Inaanzia milioni" haisemi kitu. Taja jumla, taja kilichomo, na hasa taja kisichomo: nauli ya basi ya mzigo, gharama ya fundi kulala huko, vyuma vya paa kama mabati yamechoka. Mtu aliyetapeliwa anakumbuka zaidi zile pesa za "ongeza kidogo" zilizojitokeza baadaye kuliko bei ya kwanza.

Garantii iandikwe kwa namna inayoweza kujaribiwa. Mimi huandika: ndani ya miezi 12, ikiwa baada ya siku ya jua taa hizo 10 peke yake zinazimika kabla ya saa 12 asubuhi, nabadilisha betri na nauli ni yangu, mradi hakuna kifaa kilichoongezwa nje ya orodha. Mistari hiyo inaweza kunigharimu, na mnunuzi analiona hilo. Ile ya "garantii ya miaka 5" isiyosema ya nini, dhidi ya nini, na nani analipa usafiri, haimgharimu aliyeitoa hata shilingi.

Kuhusu duka lenyewe, usiandike "tumesajiliwa". Andika jina kamili kama lilivyo kwenye usajili na TIN, na useme utatoa risiti ya EFRIS, ile ambayo mnunuzi anaweza kuihakiki kupitia mfumo wa URA. Sentensi moja inatosha. Ukirundika vyeti vitano kama viambatisho, barua inakula bando la mtu na inaanza kufanana na za matapeli, ambao hupenda sana mihuri.

Kuna umahususi usiofaa, nao ni wa kumtaja mteja mwingine. "Nimemfungia daktari fulani wa mtaa fulani, mpigie" ni ushahidi mzuri ikiwa huyo daktari amekubali. Bila ruhusa yake unamwaga habari za mtu, na sheria ya 2019 ya ulinzi wa data na faragha haikuruhusu. Tena msomaji makini anajiuliza: kesho namba yangu itapewa nani? Mimi huuliza kwanza, na katika barua naandika kwamba mwenye namba amekubali kupigiwa jioni.

Ikitokea hajajibu, usitume "nafuatilia barua yangu". Subiri mpaka uwe na jambo jipya linalomhusu. Yule sista alinyamaza baada ya bei, na sikumsukuma. Mvua zilipoanza nilimwandikia mistari mitatu: mawingu mazito yanaweza kukata nusu ya anachoingiza mchana, kwa hiyo paneli mbili za wati 300 nilizopendekeza ndizo kiwango cha chini, na akipata pesa ya kuongeza kitu kimoja, aongeze paneli kabla ya betri. Alijibu akiuliza kama fundi anaweza kufika Jumamosi.