Profaili au peji? Maswali ya wataalamu wa Arusha na Moshi

Mimi ni mhasibu, ofisi iko Ngarenaro. Facebook nina marafiki 4,700 na wateja wengi wamenipata hapo. Kuna haja ya kufungua peji?

Ipo, ila usihame kwenye profaili. Marafiki mwisho ni 5,000, kwa hiyo umebakiza nafasi 300, lakini hilo lina dawa: bonyeza vitone vitatu kwenye profaili, washa "Professional mode", na watu watakufuata bila kikomo.

Shida iko kwa mteja asiyekujua. Mwenye kampuni inayofunga hesabu Desemba anakutafuta wiki ya mwisho ya Juni, ritani ya mwaka ikikaribia tarehe ya mwisho. Anataka saa za kazi, ofisi kwenye ramani na kitufe cha WhatsApp. Akifika kwenye profaili anakutana na picha za kipaimara cha mwanao. Tena msaidizi wako hawezi kujibu ujumbe wa profaili bila kupewa nywila yako, na hiyo usimpe.

Peji ipe jina linalotaja kazi na mahali. Kama ni jina la biashara, liwe lile lile ulilosajili BRELA. Jaza simu, saa na ramani, weka posti tatu za maana, ndipo ualike watu; anayefika kwenye peji tupu harudi. Kisha rudi kwenye profaili, sehemu ya kazi, uandike jina la peji na kulichagua kwenye orodha inayojitokeza. Ukiliandika tu bila kulichagua, anayelibonyeza hatafika kwenye peji yako.

Naongoza wageni Mlima Kilimanjaro, nafanya kazi na kampuni tofauti hapa Moshi. Nifungue peji yenye jina langu na neno "Safaris"?

Hapana, kwa sasa profaili inakutosha. Mgeni anayekutafuta kwa jina anataka kumwona mtu atakayekuwa naye kwenye njia ya Machame, na kampuni zikikutagi zinakujengea jina bure. Peji ya "Safaris" inamwambia mgeni kwamba unauza safari. Ataomba bei ya kifurushi kizima, na biashara hiyo inataka leseni, ile inayoitwa TALA, chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Ukishaipata, fungua peji.

Hasara ya profaili ni kwamba maisha yako yote yako wazi. Posti za mlimani ziwe "Public", za nyumbani "Friends". Halafu bonyeza vitone vitatu, chagua "View as", uone anachokiona mgeni. Washa pia ukaguzi wa tagi, maana picha ya baa aliyoiweka rafiki yako itaonekana pamoja na zako.

Posti yangu kwenye profaili inapata likes 90, ile ile kwenye peji inapata 6. Peji imekufa?

Haijafa. Marafiki wanakujua na wanakupongeza. Wanaofuata peji Facebook huwaonyesha posti zake kwa uchache. Kwenye likes 90 hesabu ni wangapi wangekulipa, halafu muulize kila mteja mpya alikupata wapi.

Kwa hiyo habari andika kwenye profaili kwa maneno yako, na utaje peji kwa alama ya @. Peji iache ifanye kazi ya bango la ofisini: bei, huduma, mahali. Ukitaka matangazo ya kulipia kupitia Ads Manager, hapo peji ni lazima. Likes za kununua achana nazo. Ni za watu ambao hawatafika Moshi wala kukupigia, na zinakuharibia takwimu ulizokuwa unazitegemea.

Si rahisi zaidi kubadili jina la profaili liwe la kliniki yangu?

Rahisi mpaka siku Facebook itakapodai kitambulisho chenye jina hilo. Profaili ni ya mtu. Akaunti ikifungwa, marafiki na jumbe za wagonjwa vinakwenda nayo.

Peji alinifungulia kijana wa ofisini, sasa anaondoka mwisho wa mwezi. Nifanyeje?

Mwite kabla hajaondoka, mkae na simu zote mbili mezani. Kwenye simu yake aingie kwenye peji, afungue "Settings", kisha "Page access", akuongeze na kuwasha ruhusa ya "full control". Wewe ukubali mwaliko kwenye simu yako, kisha ufungue peji na kuhakikisha unaweza kuongeza mtu mwingine. Ukishindwa, umepewa ruhusa ndogo, arudie.

Hapo ndipo umwondoe. Mwenye "full control" anaweza kumtoa yeyote, hata aliyeifungua peji, na anaweza kuifuta kabisa. Kwa hiyo anayekuja baada yake mpe ruhusa ya kujibu ujumbe na kuposti tu, na "full control" ya pili mpe mtu wa nyumbani unayemwamini, kwa ajili ya siku simu yako itakapopotea.